Sports kwa Mechi, Cinema kwa Filamu? Kusoma dalili za picha mbaya kabla ya kubadili modi

Ukifungua menyu ya picha kwenye runinga ya kisasa unakutana na majina: Standard, Vivid, Cinema au Movie, Sports, Game, na siku hizi Filmmaker Mode. Majina yenyewe yanakushawishi uchague kwa kufuata kinachoonyeshwa. Kuna mechi, weka Sports. Kuna filamu, weka Cinema. Kwa filamu na gemu ushauri huo unafika. Kwa mechi unapotosha mara nyingi, na huko ndiko lilikoanzia nusu ya malalamiko niliyowahi kuitwa kuyatatua.

Modi ni kifurushi cha mipangilio iliyokwishapangwa kiwandani. Ndani yake kuna mambo manne yanayoonekana kwa macho: ukali wa mwanga, weupe umeelemea kwenye bluu au kwenye njano, runinga inaongeza kiasi gani cha kazi yake yenyewe juu ya mwendo wa picha, na kila picha inachukua muda gani kuandaliwa kabla ya kufika kwenye skrini. Dalili yoyote unayoiona inatoka kwenye mojawapo ya hayo manne. Ukilijua ni lipi, hutahitaji kupitia modi zote moja baada ya nyingine kwa kubahatisha.

Kabla ya yote: picha inabadilika yenyewe

Anza na hili kwa sababu linaharibu vipimo vingine vyote. Kama unapanga picha vizuri, unaondoka, na baada ya dakika chache unaikuta imerudi kuwa kali na ya bluu, huenda runinga bado iko kwenye hali ya dukani. Hali hiyo hurudisha kila kitu kwenye Vivid ili runinga ing'ae kuliko zilizo pembeni yake rafuni. Tafuta kwenye mipangilio ya jumla mahali palipoandikwa Store Mode, Retail Mode au Usage Mode, kisha uchague Home Mode.

Kama picha inafifia usiku na kung'aa mchana bila wewe kugusa kitu, huo ni mpango wa kuokoa umeme ukisoma mwanga wa chumba. Jina lake huwa Energy Saving, Eco au Ambient Light. Si ubovu, lakini uzime wakati unapima. Huwezi kulinganisha modi mbili ikiwa kuna mkono wa tatu unaochezea mwanga nyuma ya mgongo wako.

Dalili: filamu inaonekana kama video ya harusi

Waigizaji ni mahiri, taa zimepangwa vizuri, lakini kuna kitu hakikai sawa. Kila mjongeo umekuwa laini kupita kiasi, kama mtu ameenda nyuma ya jukwaa na kamera ya mkononi. Wengine husema filamu imekuwa ya bei rahisi. Wengine hawawezi kueleza, wanasema tu wanapata kizunguzungu.

Chanzo ni ulainishaji wa mwendo. Filamu nyingi hurekodiwa kwa picha 24 kwa sekunde, na macho yetu yamezoea kuihusisha kasi hiyo na sinema. Skrini yenyewe huchora picha mara 60 au 120 kwa sekunde, kwa hiyo ina nafasi za ziada. Ulainishaji unapokuwa umewashwa, runinga inachukua picha mbili zilizofuatana, inakisia katikati yake kulikuwa na nini, inachora makisio hayo na kuyapachika hapo. Sehemu kubwa ya unachokitazama inakuwa haikupigwa na kamera yoyote.

Kuthibitisha ni rahisi. Tafuta tukio ambapo mtu anatembea mbele ya kitu chenye mistari, kama uzio au ngazi. Tazama kingo za mwili wake. Makisio yanapokosea, ile mistari iliyo nyuma yake inatetemeka au kuyeyuka karibu na mabega, kisha inarudi mahali pake. Ni nadra tatizo lingine kutoa alama ya namna hiyo.

Ulainishaji huu una jina tofauti kwa kila mtengenezaji. Kwenye LG ni TruMotion, kwenye Sony ni Motionflow, na kwenye Samsung utaupata ndani ya Auto Motion Plus au, kwenye runinga mpya zaidi, Picture Clarity Settings. Mahali pake huwa ndani kabisa, chini ya mipangilio ya kina ya picha. Usiamini kwamba kuchagua Cinema kumeshauzima. Runinga nyingi huacha kiasi kidogo cha ulainishaji hata ndani ya Cinema, eti kupunguza mishtuko. Filmmaker Mode, iliyotangazwa mwaka 2019 na muungano wa UHD Alliance, ilibuniwa hasa kuondoa tatizo hili: inazima ulainishaji, inazima kuongeza ukali na kupunguza chenga, inaacha umbo la picha lilivyo, na kupeleka weupe kwenye kipimo kinachotumiwa na waliotengeneza filamu. Kama runinga yako inayo, filamu imepata modi yake.

Sasa upande wa pili, ambao ni lazima nikuambie ili usije ukanilaumu. Ukizima ulainishaji wote, filamu inaweza kuanza kushtuka pale kamera inapopita taratibu juu ya mandhari. Picha 24 haziingii sawasawa kwenye nafasi 60. Runinga inalazimika kuonyesha picha moja mara mbili, inayofuata mara tatu, halafu tena mara mbili, na macho yanaiona ile hali ya kuchechemea. Kwenye skrini ya hezi 120, yaani inayochora mara 120 kwa sekunde, kila picha huonyeshwa mara tano kamili, na kuchechemea huko kunaisha. Baadhi ya runinga za hezi 60 pia hujua kugundua filamu na kubadili kasi ya skrini ili ziendane, na mpangilio wake hupatikana kwa majina kama Film Mode, Real Cinema au CineMotion. Uwashe.

Mishtuko ikibaki, rudisha ulainishaji kidogo sana. Palipo na mizani mbili, De-Judder na De-Blur au Judder Reduction na Blur Reduction, ile ya kwanza ndiyo inayogusa filamu. Iweke 1 hadi 3 kati ya 10, kisha urudie lile tukio la mtu na uzio. Mistari ikianza kuyeyuka tena, umezidisha.

Dalili: Cinema ni ya njano na ina giza

Hili ndilo linalowafanya watu wakimbilie Vivid ndani ya sekunde tano. Wanabonyeza Cinema, shati jeupe linageuka rangi ya maziwa yaliyokaa, wanaamua kwamba modi ni mbovu.

Modi haina kosa. Macho ndiyo yaliyozoea bluu. Filamu na vipindi hutengenezwa kwenye skrini ambazo weupe wake umepimwa karibu na kelvini 6,500. Vivid na Sports huusukuma juu zaidi, mara nyingi kupita kelvini 9,000, kwa sababu weupe ulioelemea kwenye bluu huonekana safi na wenye nguvu. Ukitoka huko ghafla na kuingia Cinema, tofauti ndiyo inayoonekana njano. Acha Cinema ikae hivyo jioni mbili au tatu bila kuigusa. Siku ya nne rudi Vivid: sasa nyuso za watu zitaonekana kama zimepigwa na mwanga wa friji. Sijakutana na mtu aliyefanya jaribio hilo kwa uaminifu akabaki Vivid kwa filamu.

Kama bado hupendi, usihame modi. Baki Cinema na ubadili kipimo cha Color Temperature hatua moja tu, kwa mfano kutoka Warm 2 kwenda Warm 1. Huko unapoteza kidogo, lakini ulainishaji, ukali na rangi za Vivid havikufuati.

Giza ni jambo tofauti. Cinema imepangwa kwa chumba chenye mwanga hafifu, na mchana dirisha likiwa wazi itashindwa. Hapa watu hukosea kwa kupandisha Brightness. Kwenye runinga nyingi mpangilio wenye jina hilo hugusa sehemu nyeusi za picha, na ukiupandisha nyeusi inageuka kijivu huku nyeupe ikibaki palepale. Unachohitaji ni mwanga wa nyuma: Backlight, au OLED Light kwenye skrini za aina hiyo. Kuna watengenezaji waliogeuza majina, na kwao Brightness ndiyo mwanga wa nyuma huku ile ya weusi ikiitwa Black Level. Jinsi ya kujua: simamisha tukio la usiku, pandisha mpangilio. Kama ukanda mweusi wa juu na chini ya filamu unageuka kijivu mapema kuliko sehemu nyeupe zinavyong'aa, hapo siyo. Rudisha ulipokuwa.

Wanaotazama mchana na usiku wanaweza kuwa na modi mbili za sinema. Runinga nyingi zina Cinema na nyingine ya aina yake, kama Cinema Home, Expert au Custom. Moja iwe na mwanga mkubwa wa nyuma kwa ajili ya mchana, nyingine iachwe kwa usiku, na kila kitu kingine kifanane.

Dalili: mpira una mkia na majani yanang'aa kama plastiki

Hapa nitasimulia kisa, kwa sababu ndani yake kuna dalili tatu zilizochanganyika, na kuzitenganisha ndiyo kazi yenyewe.

Shemeji yangu alinipigia simu wakati wa mapumziko ya mechi. "Shemeji, hii runinga imekufa. Mpira ukipigwa unavuta mkia, na wachezaji wana ukungu miguuni." Nikamuuliza iko modi gani. "Sports, sasa ulitaka niweke nini?" Nilipofika jioni nilikuta runinga ya hezi 60, king'amuzi kimeunganishwa kwa HDMI, na majani ya uwanja ya kijani ambacho hakijawahi kuota popote.

Majani yalikuwa sehemu rahisi. Sports ilikuwa imekoleza rangi na kupeleka weupe kwenye bluu. Nilihamia Cinema, uwanja ukawa uwanja. Nikapandisha mwanga wa nyuma kwa sababu sebule ina madirisha mawili, nikapeleka weupe hatua moja kuelekea upande wa baridi kwa heshima ya shemeji, ambaye alikuwa tayari anakunja uso. Hapo mkia wa mpira ulikuwa umepungua, ila haukuisha.

Watu wengi wangesema ni ulainishaji wa mwendo, wauzime na kuondoka. Lakini ulainishaji unahitaji nafasi za kupachika picha za kubuni. Matangazo ya michezo ya king'amuzi huwa na picha 50 au 60 za mwendo kwa sekunde, na skrini ya hezi 60 haina nafasi ya ziada baina yake. Kwenye runinga ile, mechi ya king'amuzi haikuwa na mahali pa kulainishwa. Niliuzima, kama nilivyotarajia hakuna kilichobadilika.

Mhusika alikuwa kupunguza chenga, Noise Reduction. Kazi yake ni kulinganisha picha zilizofuatana, na kile kinachobadilika kwa nukta ndogondogo kinahesabiwa kuwa chenga na kufutwa kwa kuchanganya picha ya sasa na zilizopita. Mpira mdogo mweupe unaokwenda kasi, ukitazamwa kutoka kamera ya juu, ni nukta ndogo inayobadilika. Runinga inauchanganya na mahali ulipokuwa sekunde ndogo iliyopita, na huo ndio mkia. Kwa Sports ulikuwa kwenye kiwango cha juu, kwa Cinema kiwango cha chini. Nikaweka Off kwenye Noise Reduction na kwenye ndugu yake MPEG Noise Reduction. Tukasubiri kona ipigwe. Mpira ulipaa ukiwa wa mviringo.

Kulibaki mstari mweupe mwembamba kuzunguka jezi na namba za matokeo. Hiyo ni Sharpness. Haiongezi undani wowote. Inachora ukingo mwangavu pembeni ya kila mpaka ili macho yadanganyike kwamba picha ni kali. Niliishusha huku nikitazama namba za matokeo hadi ule mstari ukapotea, nikasimama hapo. Kumbuka kwamba sifuri si sahihi kwa kila runinga. Kwa baadhi yake, kushusha kupita katikati kunafanya herufi ziwe na ukungu. Herufi zikianza kupoteza kingo, panda hatua moja au mbili.

Shemeji aliridhika kwa siku nne. Kisha akapiga tena: mechi nyingine, tatizo lilelile, na safari hii "ni vibaya zaidi". Nikamuuliza anatazama wapi. Alikuwa anatazama kwa intaneti, kwenye programu iliyo ndani ya runinga. Nikamwomba aeleze anachokiona bila kutumia neno mkia. "Uwanja unakatika vipande vya mraba wakikimbia. Wakisimama unarudi." Hapo modi haina la kufanya. Vipande vya mraba vinavyojaa uwanja mzima kamera inapogeuka, kisha vikatulia inapotulia, ni data ndogo mno iliyobanwa. Kile kisichotumwa hakirudishwi na runinga. Alishusha ubora wa programu hatua moja ili mtiririko usikwamekwame, akavumilia.

Jambo moja lilinifunza katika mechi ile ya intaneti. Mtiririko ulikuwa wa picha 30 kwa sekunde badala ya 60. Mpira mrefu ulikuwa unaruka hatua kwa hatua badala ya kuteleza, na kwa hali hiyo ulainishaji kidogo ulisaidia kweli, kwa sababu sasa zilikuwepo nafasi za kujaza. Kwa hiyo kwa mechi ya king'amuzi uwe umezimwa, kwa mechi ya picha 25 au 30 unaweza kuwashwa kwa kiwango cha chini, huku ukitazama miguu ya wachezaji. Miguu ikianza kuacha vipande vya majani vilivyoyeyuka pembeni yake, shusha.

Mwenye skrini ya hezi 120 yuko kwenye hali nyingine kidogo. Kwake hata mechi ya picha 60 ina nafasi ya kuongezewa, na mzani unaohusika ni ule wa pili, De-Blur au Blur Reduction. Anaweza kuupandisha juu na kuuacha De-Judder sifuri. Ukungu unapungua na filamu haiguswi.

Kuna ukungu ambao hautaisha hata ukifanya yote haya. Skrini huishikilia kila picha ikiwa imesimama hadi inayofuata ije, wakati jicho lako linaendelea kuufuata mpira. Kutolingana huko jicho linakusoma kama ukungu. Baadhi ya runinga zina LED Clear Motion au kitu cha aina hiyo, ambacho hupachika giza fupi kati ya picha. Ukungu unapungua, lakini mwanga unashuka sana na wengi huiona picha ikimemeteka. Mimi huwa naiacha.

Neno moja la pembeni: kwenye baadhi ya runinga modi ya michezo hubadili sauti pia, ikapandisha kelele za mashabiki na kumzika mtangazaji. Ukihama modi na sauti ya mtangazaji ikarudi ghafla, sasa umejua ilikuwa imekwenda wapi.

Dalili: pedi ni nzito, unabonyeza na mchezaji anachelewa

Hapa kuchagua kwa jina ni sahihi. Game ni ya gemu, na sababu ni lile jambo la nne: muda.

Kila kazi ambayo runinga inaifanya juu ya picha, iwe ni kulainisha, kufuta chenga au kupanga mwanga, inahitaji muda. Unapotazama filamu hilo halikusumbui, kwani runinga huchelewesha na sauti yake ziende pamoja. Ukiwa umeshika pedi, muda huo unakaa kati ya kidole chako na kile unachokiona. Gemu ya picha 60 kwa sekunde huleta picha mpya kila milisekunde 17 hivi. Nje ya Game runinga nyingi huchelewa milisekunde 50 hadi zaidi ya 100, yaani picha tatu hadi sita. Ndani ya Game ucheleweshaji hushuka hadi milisekunde 10 au 20. Gemu ya kupanga karata haitajali. Ya mpira, ya mbio au ya kupigana itajali sana, na anayeshindwa atasema pedi ni mbovu.

Jaribio ni hili. Simamisha gemu, ingia kwenye menyu yake yenye orodha ndefu, na ubonyeze mshale wa chini haraka mara kwa mara. Sikiliza mlio wa kitufe na utazame kiashiria. Badili kutoka Cinema kwenda Game bila kuacha kubonyeza. Kama kiashiria kinaanza kufuata kidole, tatizo lilikuwa modi. Kama hakuna tofauti, angalia vitu vingine: betri ya pedi iliyoisha, pedi isiyo na waya iliyo mbali sana, au mashine ya gemu iliyopitishwa kwenye kifaa kingine kabla ya kufika kwenye runinga. Chomeka waya moja kwa moja, ujaribu tena.

Mashine mpya za gemu na runinga zenye ALLM huambiana zenyewe. Mashine inapowaka, runinga inahamia Game bila kuulizwa. Kwenye menyu ya runinga utaona Auto Low Latency Mode, Auto Game Mode au Instant Game Response. Ni jambo zuri lenye mtego mmoja. Ukitumia mashine hiyohiyo kutazama filamu, angalia juu ya skrini kama runinga bado iko Game. Ikiwa iko, filamu itachechemea na mpangilio wako wa Cinema hautafanya kazi, kwa sababu huko Cinema hujafika. Badili kwa mkono, na ukishindwa zima ALLM kwa muda.

Rangi za Game zikiwa za baridi na zimefifia, huna haja ya kukubali. Kuchelewa hakutokani na weupe. Ndani ya Game peleka Color Temperature kwenye Warm, sawa na ya Cinema, na ucheleweshaji utabaki palepale. Usiwashe ulainishaji ndani ya Game, hata kama runinga inakuruhusu, isipokuwa unacheza gemu ya taratibu na unapenda uonekano huo.

Na ikiwa nyeusi imekuwa kijivu, au kinyume chake mapango ya gemu yamekuwa giza tupu lisilo na maumbo, hilo si la modi. Mashine na runinga hazijakubaliana kiwango cha weusi. Weka Black Level au HDMI Black Level ya runinga kwenye Auto, na mpangilio wa RGB wa mashine kwenye Automatic. Yote mawili yawe upande mmoja, vinginevyo utaendelea kupandisha mwanga bila mafanikio.

Dalili: sauti na midomo haviendi pamoja

Jiulize kwanza nani katangulia. Sauti ikitangulia midomo, picha ndiyo inayochelewa, na huenda modi yenye kazi nyingi imechangia huku sauti ikipita kwenye kifaa cha nje kisichojua. Ongeza Audio Delay kidogokidogo, milisekunde 10 kwa hatua, hadi vikutane. Midomo ikitangulia sauti, mkosaji ni spika, na ya Bluetooth ndiyo hukamatwa zaidi. Kwa hali hii Audio Delay haisaidii, kwani inaweza kuchelewesha sauti tu, haiwezi kuivuta mbele. Tumia waya. Ndiyo maana mtu anayehamia Game anaweza kuona tatizo ambalo halikuwepo: picha imeharakishwa, spika imebaki nyuma.

Dalili: nilipanga jana, leo sikuti kitu

Mipangilio huhifadhiwa kwa kila njia ya kuingilia. Ulichopanga king'amuzi kikiwa HDMI 1 huenda hakipo kwenye HDMI 2 wala kwenye programu za ndani ya runinga. Tafuta Apply Picture Settings au Apply to All Inputs, uchague zote.

Halafu kuna HDR, aina ya picha yenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza. Filamu ya HDR10 au Dolby Vision inapoanza, alama hutokea kwa sekunde chache kwenye kona, na modi zote zinabadilishwa na za ukoo mwingine. Cinema unayoiona hapo si ile uliyoipanga kwa vipindi vya kawaida. Majina yanafanana, mipangilio ni mingine, na Dolby Vision mara nyingi huacha modi mbili tu, moja angavu na moja ya giza. Usijaribu kupanga kutoka kwenye menyu kuu. Cheza filamu yenyewe, isubiri ile alama, kisha fungua mipangilio ukiwa ndani ya filamu. Kwa chumba chenye mwanga chagua ile angavu, na mwanga wa nyuma uache juu kama ulivyokutwa, kwa kuwa HDR huutarajia huko. Ikiwa bado ni giza mchana, funga pazia.